Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kosa la aina ya kwanza, kosa la aina ya pili, alfa na nguvu ya jaribio, kwa mfano wa kupima sukari Lamu

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa takwimu, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Majibu yote yanafuata mfano mmoja: meza ya kupimia sukari kisiwani, asubuhi, watu 1,000 wasio na dalili yoyote, glukomita, na tone la damu la kidole. Wanaoonekana kuwa na sukari ya juu hutumwa maabara kwa kipimo cha uhakika. Hapo hunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili. Ikifika milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, kipimo kinasema ni kisukari.

Kosa la aina ya kwanza na la aina ya pili ni nini hasa?

Kila mtu anapokaa mezani, mpimaji huanza na dhana kwamba mtu huyu hana kisukari. Wanatakwimu huiita nadharia tete kapa: dhana ya kwamba hakuna kitu, mpaka ushahidi uikatae. Ushahidi wenyewe ni namba moja kwenye kioo cha glukomita.

Mtu mzima wa afya akiambiwa "sukari yako iko juu, nenda maabara", mpimaji ameikataa dhana iliyokuwa kweli. Hilo ni kosa la aina ya kwanza. Mwenye kisukari akiambiwa "uko sawa, nenda zako", mpimaji ameiacha dhana iliyokuwa ya uongo. Hilo ni kosa la aina ya pili.

Wengi huchanganya namba hizi mbili. Njia rahisi ya kukumbuka ni kufuata mpangilio wa kazi: kwanza unaanza na dhana kwamba mtu ni mzima, basi kosa la kwanza ni kumwonea huyo mzima. La pili ni kumpita mgonjwa.

Alfa na nguvu zinaingia wapi?

Alfa, au kiwango cha umaana, ni sehemu ya *wazima*, yaani watu wasio na kisukari, ambao kipimo kitawaita wagonjwa. Beta ni sehemu ya *wagonjwa* ambao kipimo kitawapita. Nguvu ni kinyume cha beta, yaani 1 kutoa beta: sehemu ya wagonjwa ambao kipimo kitawanasa.

Angalia kwamba alfa inahesabiwa ndani ya kundi la wazima peke yake, na nguvu ndani ya kundi la wagonjwa peke yake. Hakuna hata moja kati yake inayokwambia katika kila watu mia mna wagonjwa wangapi. Maneno haya yatarudi chini, maana ndipo wengi wanapoanguka.

Nani anaamua alfa iwe ngapi?

Ni wewe, na unaamua kwa kuchora mstari. Sukari ya mtu aliyelala bila kula haiji kwa namba mbili, ya wazima na ya wagonjwa. Inatawanyika, na makundi mawili yanapandiana.

Tuchukue takwimu za mazoezi. Wazima wana wastani wa 5.3 na mkengeuko sanifu wa 0.7, wenye kisukari wasiojijua wana wastani wa 8.1 na mkengeuko sanifu wa 1.4. (Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi watu walivyotawanyika kuzunguka wastani. Na sukari ya wagonjwa halisi huvuta mkia mrefu kuelekea juu, kwa hiyo kuchukulia kwamba kila kundi limetawanyika kwa umbo la kengele ni kurahisisha hesabu tu.) Jaribu mistari mitatu kwenye R, programu ya takwimu:

```r
kikomo <- c(6.1, 6.5, 7.0)
alfa   <- 1 - pnorm(kikomo, 5.3, 0.7)
nguvu  <- 1 - pnorm(kikomo, 8.1, 1.4)
round(cbind(kikomo, alfa, nguvu), 3)
```

Ukichora mstari kwenye 7.0, alfa ni 0.008 na nguvu ni 0.784. Ukiushusha hadi 6.5, alfa inapanda hadi 0.043 na nguvu hadi 0.873. Ukiushusha tena hadi 6.1, alfa ni 0.127 na nguvu 0.923.

Vitu viwili vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kwa kipimo kilekile na watu walewale, huwezi kuwanasa wagonjwa zaidi bila kuwasumbua wazima zaidi. Anayekwambia amepunguza makosa yote mawili kwa kusogeza mstari tu, mwombe akuonyeshe hesabu.

Tazama pia kwamba hatua hazina faida sawa. Kutoka 7.0 hadi 6.5 unawapata wagonjwa tisa zaidi katika kila mia, na unawasumbua wazima wasiofika wanne katika kila mia. Kutoka 6.5 hadi 6.1 unapata wagonjwa watano tu, na unasumbua wazima zaidi ya wanane. Kwa meza hii sisi tungesimama 6.5.

Shirika la Afya Duniani linatumia 7.0 kwa sukari ya kufunga, lakini hicho ni kikomo cha kutangaza ugonjwa, na kwa mtu asiye na dalili hutakiwa kithibitishwe siku nyingine. Mstari wa mezani ni wa kuamua nani aende maabara tu, kwa hiyo hauna lazima ya kuwa huohuo.

Alfa yetu ni 0.043. Basi kati ya tuliowaita wagonjwa, asilimia 4 tu ndio tumewaonea?

La. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na madaktari pia huliangukia.

Tuhesabu watu. Chukua watu 1,000, na tuseme 50 kati yao wana kisukari. Wazima ni 950. Kwa mstari wa 6.5, wazima watakaovuka ni 950 mara 0.043, yaani 41. Wagonjwa watakaovuka ni 50 mara 0.873, yaani 44. Waliovuka jumla ni 85.

Kati ya hao 85, wazima ni 41. Karibu nusu! Wala kipimo hakijaharibika. Alfa iko palepale, asilimia 4 ya wazima. Ila wazima ni wengi mno kiasi kwamba asilimia 4 yao inakaribia kulingana na wagonjwa wote walionaswa.

Sasa peleka meza ileile, glukomita ileile na mstari uleule kwa watu 1,000 wa zaidi ya miaka 45 ambao mzazi au ndugu yao ana kisukari, na tuseme humo wagonjwa ni 200. Wazima watakaovuka ni 35, wagonjwa watakaovuka ni 175. Walioonewa ni 35 kati ya 210, mtu mmoja kati ya sita. Alfa haikubadilika hata chembe, nguvu haikubadilika, lakini maana ya kuambiwa "nenda maabara" imebadilika kabisa.

Ndiyo sababu kauli ya mezani iwe "namba hii inataka uhakika zaidi", isiwe "una kisukari". Kwa kundi la kwanza, ukisema "una kisukari" utakuwa umekosea karibu mara moja katika kila mbili.

Basi kosa lipi ni baya zaidi?

Inategemea kinachofuata baada ya kosa, na hapo takwimu zinanyamaza, anazungumza mpimaji.

Mzima wa Faza au Kiwayu aliyetumwa maabara mjini Lamu analipa nauli ya boti kwenda na kurudi, anapoteza siku ya kuvua, na wakati wa kusi bahari yenyewe inaweza kumkatalia. Anarudi nyumbani siku kadhaa akiwa na hofu, na pengine mkewe ameshaanza kumfichia sukari. Mzima wa Langoni aliyetumwa maabara hiyohiyo anakwenda kwa miguu. Kosa ni moja, gharama si moja. Hakuna ubaya wa mstari kuwa 6.5 mjini na 6.8 visiwani, mradi uamuzi huo umefanywa kwa makusudi na kabla ya kupima.

Aliyepitwa naye hapotei mara moja. Kisukari cha aina ya pili huenda polepole. Kama meza itarudi mwakani, ana nafasi ya pili. Kama meza haitarudi, ni hesabu nyingine, kwa sababu macho, figo na miguu huharibika kimyakimya.

Linganisha na kupima damu ya kuongezewa mgonjwa. Huko kosa la aina ya kwanza ni kumwaga mfuko mmoja wa damu salama. La aina ya pili ni kumwambukiza mtu. Hapo mstari hushushwa sana, na hakuna anayelalamika.

Mbona tulipohesabu matokeo ya kweli, wazima walioitwa wagonjwa walikuwa wengi kuliko alfa?

Kwa sababu alfa ya kwenye karatasi inahesabiwa kwa mtu aliyefunga kweli. Kwenye meza halisi kuna mambo yanayoisukuma namba juu bila mtu kujua.

La kwanza ni neno "sijala". Muulize mtu saa mbili asubuhi, "Bibi, umekula?" Atakujibu, "Sijala mwanangu, nimekunywa chai tu." Chai hiyo ni ya maziwa, ina vijiko vitatu vya sukari, na huenda ilisindikizwa na hamri moja ambalo halihesabiwi kuwa chakula. Hajasema uongo, kwetu kula ni kula. Swali linalofaa ni: "Tangu ulipolala, nini kimepita mdomoni zaidi ya maji?" Kisha andika saa, si "ndiyo" au "hapana".

La pili ni neno "nimefunga". Sukari ya kufunga inataka saa 8 au zaidi bila kitu isipokuwa maji. Mwezi wa Ramadhani, mtu aliyekula daku saa kumi na nusu usiku akapimwa saa nne asubuhi amefunga kwa sheria ya dini, lakini kwa maabara ana saa tano na nusu tu tangu ale. Ukimhesabu kama aliyefunga, umepandisha alfa. Ama upime kuelekea alasiri, ama uahirishe mpaka mwezi uishe.

La tatu ni kidole. Aliyetoka kumenya embe au kuonja halua akapimwa bila kunawa huweza kusoma juu sana, kwa sababu glukomita inapima na sukari iliyo juu ya ngozi. Maji na sabuni, kidole kikaushwe vizuri, ndipo kitobolewe. Na vipande vya kupimia vikiachwa kwenye kichupa kilicho wazi, unyevu wa pwani huviharibu. Vilivyoharibika huweza kusoma juu au chini.

Utajuaje kama una tatizo hili? Tazama wastani wa watu wote wa siku hiyo. Kama meza ya Jumatatu ina wastani wa 5.5 na ya Jumanne 6.1, na watu ni wa aina moja, usikimbilie kusema mtaa wa Jumanne una kisukari. Wastani wa kundi zima ukisogea juu, kwa kawaida kimesogea kipimo au utaratibu. Wagonjwa wachache huvuta mkia wa juu, hawasukumi kila mtu.

Nikimpima kila aliyevuka mara ya pili, makosa hayapungui?

Yanapungua, lakini si kwa kiasi kinachoandikwa na wengi. Hesabu ya haraka huzidisha 0.043 kwa 0.043 ikapata 0.002, ikashangilia. Hesabu hiyo ni halali tu kama vipimo viwili havihusiani, na vya mtu mmoja vinahusiana sana.

Wazima waliovuka ni wa namna mbili. Wapo waliovuka kwa bahati ya siku: chai, kidole, usingizi mbaya. Hao kipimo cha pili, siku nyingine, kitawatoa. Na wapo ambao hali yao ya kawaida ni 6.6 kila siku ingawa kipimo cha glukosi gramu 75 kinasema hawana kisukari. Hao wapime mara kumi, watavuka mara nyingi.

Kingine: ukisema mgonjwa ni yule tu aliyevuka mara *zote* mbili, nguvu nayo inashuka, kwa sababu mgonjwa ana nafasi mbili za kukupita badala ya moja. Afadhali kuchukua wastani wa vipimo vya siku mbili. Hapo mtawanyiko wa siku unapungua kwa makundi yote mawili, kengele zinakuwa nyembamba kidogo, na unapunguza alfa huku ukiongeza nguvu. Kuboresha kipimo chenyewe ndiyo njia inayokuwezesha kupata vyote viwili.

Alfa ya 0.05 inayotumiwa na wengi ilitoka wapi?

Mwanatakwimu Ronald Fisher aliipendekeza mwaka 1925 kama kipimo cha kufaa kwa matumizi, si sheria. Lugha ya makosa mawili na nguvu ilikuja baadaye kidogo, kwa wanatakwimu wengine wawili, Jerzy Neyman na Egon Pearson, katika miaka ya 1928 hadi 1933. Wao ndio waliosisitiza kwamba alfa ichaguliwe kwa kupima gharama ya kila kosa. Watu wengi walichukua namba ya Fisher wakaacha ushauri wa hawa wawili.

Kwenye utafiti, nguvu ni kitu kilekile?

Wazo ni lilelile, ila anayekaa mezani sasa ni swali zima badala ya mtu. Tuseme unataka kujua kama kunywa chai bila sukari kwa miezi 3 kunashusha sukari ya kufunga. Dhana ya kuanzia ni kwamba hakushushi. Kosa la kwanza ni kutangaza kwamba kunashusha na kumbe ni bahati ya sampuli. La pili ni kutangaza hakuna kitu na kumbe kipo.

Tofauti kubwa ni kwamba hapa una kitu ambacho mpimaji wa mezani hakuwa nacho: idadi ya watu. Kila unapoongeza watu, wastani wa kila kundi unatulia, na nguvu inapanda bila kugusa alfa. Kwa makundi mawili, alfa 0.05 na nguvu 0.80, kanuni ya vidole ni hii: zidisha 16 kwa mraba wa mkengeuko sanifu, gawanya kwa mraba wa tofauti unayoitafuta. Kwa mkengeuko wa 0.7 na tofauti ya 0.3, inatoka watu 87 kila kundi. R inakubaliana:

```r
power.t.test(delta = 0.3, sd = 0.7, power = 0.8)
```

Ukitafuta nusu ya tofauti hiyo, 0.15, watu hawaongezeki mara mbili. Wanaongezeka mara nne, karibu 350 kila kundi. Na ukiwa na watu 20 tu kila kundi, nguvu ya kuona tofauti ya 0.3 haifiki asilimia 30. Utafiti wa namna hiyo ukisema "hatukuona tofauti", umesema ulichokuwa utasema mara nyingi hata kama tofauti ipo. Ndiyo maana kutoona tofauti hakuandikwi "hakuna tofauti".

Chagua tofauti ya kutafuta kwa kumuuliza daktari ni kiasi gani kingembadilisha anachomshauri mgonjwa. Usiichukue kutoka kwenye data uliyokwisha kukusanya kisha ukahesabu nguvu kwa kurudi nyuma; nguvu ya namna hiyo inarudia tu kile kilichokwisha kusemwa na thamani ya p, yaani nafasi ya kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi ikiwa dhana ya kuanzia ni kweli.

Nguvu ya meza yetu halisi tutaijuaje?

Kwa daftari la kawaida, hamtaijua kamwe. Wanaotumwa maabara ni waliovuka mstari peke yao. Mtajua ni wangapi kati ya 85 walikuwa wazima, lakini wagonjwa mliowapita wako ndani ya wale 915 waliokwenda nyumbani, na hakuna aliyewafuata.

Kwa hiyo lazima baadhi ya waliosoma chini ya mstari nao waende maabara. Kuwachukua 100 kwa kura kutoka kwenye 915 hakusaidii sana: humo mna wagonjwa 6 tu, na kwa nafasi ya karibu nusu kwa nusu hamtampata hata mmoja. Wapelekeni wote waliosoma kati ya 6.0 na 6.4, kwa sababu karibu nusu ya waliopitwa wako hapo, na kwa walio chini ya 6.0 chukueni mmoja kati ya kumi kwa kura. Wakati wa kuhesabu, kila mgonjwa aliyepatikana katika kundi hili la pili ahesabiwe kuwa kumi, maana anawakilisha wenzake tisa ambao hawakupelekwa. Na aliyekataa kupanda boti aandikwe kwamba amekataa. Asiandikwe kwamba ni mzima.